Kwaheri ya Kuonana: Mwongozo Kamili wa Kumwandikia Unayempenda Kimoyomoyo Kabla Hajasafiri

Mara nyingi nimeonyeshwa ujumbe wa kumuaga mtu ambaye mwandishi anampenda bila kumwambia, na karibu kila mara nakuta moja kati ya mambo mawili. Ama ni salamu ya safari ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye namba yake ya simu, ama ni barua ya mapenzi iliyotumwa saa mbaya, ikiwa imejaa huzuni, wivu na maombi. Ule wa kwanza hujibiwa "asante sana", na mazungumzo yanaishia hapo. Ule wa pili hukutana na kimya, kisha mwandishi anakaa wiki nzima akijiuliza amekosea wapi.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha njia, kwa sababu ina kwaheri ya kawaida na ina kwaheri ya kuonana. Ujumbe tunaoutafuta ni wa aina hiyo ya pili: unamwacha msafiri aende zake akiwa mwepesi, unamwonyesha kwa uchokozi mtamu kwamba machoni pako yeye si rafiki wa kawaida tu, na unaacha jambo moja likimsubiri atakaporudi.

Mwongozo huu unahusu hali moja. Mnafahamiana, mnaongea na kutaniana, hamjatamkiana lolote, naye anaondoka kwa muda unaojulikana, tuseme wiki moja hadi miezi miwili, kisha anarudi. Anayehama moja kwa moja anahitaji maneno mengine kabisa, na hapa sitamgusa.

## Kabla ya yote, je, inafaa kuandika?

Kuna safari ambazo hazitaki uchokozi hata kidogo. Ikiwa anakwenda msibani, kuuguza au kutibiwa, mwandikie pole na umtakie safari salama, basi. Ikiwa unajua ana mwenzi wake, au amewahi kukuambia waziwazi kwamba hakuoni kwa jicho hilo, usitumie safari kama kisingizio cha kujaribu tena. Na ikiwa wewe ndiye msimamizi wake wa kazi au mwalimu wake, usiuandike kabisa, kwa kuwa hatakuwa na uhuru wa kukataa utani wako.

Ukitaka kujua mnasimama wapi, fungua mazungumzo yenu na usome ujumbe kumi wa mwisho uliotoka kwake. Angalia kama huwa anaanza yeye siku nyingine, kama hukuuliza maswali, na kama amewahi kukutania au kuujibu utani wako kwa utani. Ukipata walau mawili kati ya hayo matatu, endelea. Ukikuta majibu ya neno moja moja, yote yakiwa yamefuata maswali yako, andika salamu njema ya safari bila uchokozi na usubiri wakati mwingine.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usianze kuandika hadi uwe na mambo haya matano:

- Siku na saa anayoondoka.
- Siku anayorudi, hata kama ni ya kukisia.
- Kumbukumbu moja ndogo ambayo ni yenu wawili tu.
- Jambo moja la kufanya pamoja baada ya kurudi, dogo na linalowezekana.
- Namna mnavyoitana kila siku.

Wengi hawana la tatu, nao ndio wanaokwenda kunakili maneno ya mapenzi yaliyoandikwa na watu wasiowajua. Anayekufahamu hulitambua neno la kuazima kwa haraka kuliko unavyofikiri, kwa sababu halifanani na mdomo wako.

## Hatua ya 1: Chagua saa ya kutuma

Saa bora kwa safari nyingi ni jioni ya siku iliyotangulia, kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Wakati huo mambo makubwa yamekwisha, begi linafungwa, na akili yake imeanza kuondoka lakini mwili bado upo nyumbani. Ujumbe mfupi wenye kicheko hupokelewa vizuri sana katika saa kama hiyo.

Ukituma siku tatu kabla, utasahaulika katikati ya pilikapilika, na utalazimika kutuma mwingine siku ya safari, jambo litakaloupunguzia nguvu ule wa kwanza. Ukituma asubuhi ya safari, utamkuta akitafuta hati, akiaga watu na kukimbizana na usafiri, hivyo atakujibu kwa pupa hata kama maneno yako yamemgusa. Safari inapoanza usiku, tuma mchana wa siku hiyohiyo. Inapoanza alfajiri, tuma mapema jioni, maana atalala mapema.

Utajua umechagua vizuri ikiwa atakapousoma ana dakika tano za kukaa chini.

## Hatua ya 2: Tafuta kumbukumbu ambayo haijaisha

Kumbukumbu yoyote ya pamoja inafaa, lakini iliyo bora ni ile iliyokatikia njiani. Inaweza kuwa hadithi ambayo hakuimaliza, ubishi ambao haukupata mshindi, mchezo uliokatishwa na mvua, au kitabu mlichoahidi kubishania. Jambo lisilokwisha lina sababu ya kurudiwa, na hapo ahadi yako ya kuonana inapata mguu wa kusimamia.

Nitautumia mfano mmoja hadi mwisho. Kijana mmoja alinijia akiwa na siku moja tu mbele yake. Alikuwa anasoma darasa la jioni pamoja na mwanamke aliyekuwa amempenda kwa miezi kadhaa, naye mwanamke huyo alikuwa akisafiri kwa siku 18, kuondoka Jumatatu asubuhi na kurudi Ijumaa ya wiki ya tatu. Nilimuuliza kumbukumbu yao ni ipi, akasema hawana. Nikamwomba anisimulie mara ya mwisho walipocheka pamoja.

Akakumbuka kwamba wiki mbili nyuma walikuwa nje ya darasa, na mwanamke huyo akaanza mwenyewe kusimulia alivyopata kovu dogo lililo juu ya nyusi yake ya kushoto. Alifika mahali alipopanda ukuta akiwa na miaka tisa, akiwa amevaa kiatu kimoja, mara mwalimu akaingia na hadithi ikakatika. Kijana yule alikuwa ameikumbuka kila siku tangu hapo, lakini hakujua kwamba alikuwa ameshika dhahabu.

Tahadhari moja hapa. Kumbukumbu hiyo iwe ambayo yeye mwenyewe aliifurahia. Siku aliyoaibika mbele za watu, hata kama wewe unaiona ya kuchekesha, haifai.

## Hatua ya 3: Andika sentensi ya kufungulia

Sentensi ya kwanza ionyeshe kwamba unamwona alipo sasa hivi. "Habari yako" na "nimesikia unasafiri" haziharibu kitu, ila hazina sura ya mtu. Kijana wetu alijua kwamba mwenzake hufungasha mizigo dakika za mwisho, kwani alikuwa amelicheka jambo hilo mwenyewe darasani. Kwa hiyo tukaanza hivi: "Najua saa hizi umelikalia begi ili zipu ifungike."

Usifungue kwa swali linalotaka maelezo, kama vile anasafiri na nani au kwa nini hakukuambia mapema. Maswali ya namna hiyo yananusa upelelezi.

Baada ya hapo weka matakwa ya safari kwa maneno machache: "Nenda salama, ufurahie kila siku ya huko." Maneno haya yasiachwe, kwa sababu ndiyo yanayompa ruhusa ya kufurahi bila wewe. Anayetuma uchokozi bila kumtakia mwenzake heri ya safari anasikika kama mtu anayejifikiria mwenyewe tu.

Angalia pia namna unavyomwita. Ukimalizia salamu kwa "dada yangu" au "kaka", umejikalisha mwenyewe kwenye benchi la ndugu, na uchokozi utakaofuata utasikika wa ajabu. "Mpenzi" nalo ni neno la kupewa, na wewe bado hujapewa. Tumia jina lake, au lile la utani ambalo mmezoea, au usiweke jina kabisa. "Mungu akutangulie" ni dua nzuri, lakini ikisimama peke yake mwishoni hukupa sauti ya mjomba au shangazi anayeaga mlangoni. Ikiwa ni kawaida yako kuisema, iweke mapema karibu na "nenda salama", ili neno la mwisho katika ujumbe libaki kuwa lenu wawili.

## Hatua ya 4: Andika uchokozi wenyewe

Uchokozi mzuri husema nusu na kumwachia msomaji nusu. Akitaka kuuona kama utani wa rafiki, auone hivyo bila kuaibika, na akitaka kuona zaidi, pawe na kitu cha kuona. Nafasi hiyo ya kuchagua ndiyo inayomfanya atabasamu badala ya kujihami.

Hapa ndipo neno la kumkumbuka mtu aliye mbali hutusumbua katika Kiswahili. Wengi huandika "nitakukosa", lakini kukosa ni kutopata ulichokitafuta, na sentensi hiyo inabaki na ukakasi. "Nitakukumbuka" ni sahihi, ila imezoeleka mno katika kuwaaga watu wasiorudi, na mimi binafsi siipendi katika ujumbe wa kuchekesha. "Nitakutamani" ina joto la mwili ambalo wawili hawa hawajafikia. "Nitakumisi" inaeleweka na kila mtu, lakini kila mtu ameshaiandika.

Njia iliyo salama ni kuonyesha mahali ambapo kutokuwepo kwake kutaonekana. Badala ya kusema utamkumbuka, sema "kile kiti cha dirishani kitakaa bure siku 18", naye atajua nani atakayekuwa akikitazama. Namba hiyo ya siku inafanya kazi yake kimyakimya, kwa kuwa inasema umezihesabu.

Njia nyingine, ambayo naiona tamu zaidi, ni ya deni. Katika lugha yetu kudaiana baina ya watu waliozoeana ni utani wa kale: nakudai hadithi, nakudai ushindi, unanidai matembezi. Deni la namna hiyo humtambua mwenzako kama mtu mwenye kitu unachokitaka, tena bila kumpamba, na linamfunga arudi bila kumfunga kamba. Kwa kijana wetu sentensi ikawa: "Ila ujue unaondoka na nusu ya hadithi ya lile kovu, na mimi si mwepesi wa kusamehe madeni."

Onyo ninalolisisitiza ni kuhusu mwili. Kusifia umbo, midomo au mavazi yake katika ujumbe wa kuaga hulipeleka jambo mahali ambapo hamjafika, na maandishi hayana uso wa kulainisha neno lililozidi. Lile kovu lilifaa kwa sababu mwenyewe aliligeuza kuwa hadithi, na sisi tukaidai hadithi, hatukulisifia jicho.

Uchokozi uwe mmoja. Ukiweka miwili, wa pili utaonekana kama unamsukuma, na mitatu itaonekana kama umekaa usiku kucha ukiitunga.

## Hatua ya 5: Andika ahadi ya kuonana

Hapa ndipo ninapoona watu wengi wakianguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Ukirudi tutaonana" ni maneno ya adabu tu. Kila mtu huyasema, na hakuna anayeyashikilia. Ahadi yenye uzito ina vitu viwili: jambo lenyewe na wakati unaokaribia kujulikana. Jambo tayari unalo, ni ile kumbukumbu isiyokwisha. Wakati uutafute kwa kuhesabu kutoka siku anayorudi.

Usiahidi kumwona siku anayofika. Siku hiyo ni ya watu wa nyumbani, ya kulala na ya kufua nguo, na ukijipachika humo utakuwa mzigo mmoja zaidi wa kushusha. Mpe siku mbili hadi nne za kupumzika. Kijana wetu alitaka Jumamosi, siku moja tu baada ya Ijumaa ya kurudi, nikamwomba atazame tena. Jumamosi hiyo angemkuta mtu mwenye macho mekundu. Tukahesabu hadi Jumanne iliyofuata, siku ambayo wote wawili wangekuwa darasani na ingekuwa rahisi kubaki nyuma nusu saa.

Sasa tazama vitenzi. "Ukirudi" inaweza kusomeka kama jambo ambalo huenda likawa na huenda lisiwe, ilhali "utakaporudi" inaamini kabisa kwamba atarudi. Katika maongezi tofauti hii ni ndogo, lakini katika ujumbe wa sentensi tano kila silabi inasikika, hivyo mimi huchagua "utakaporudi". Vilevile "tutaonana" inatabiri, wakati "tuonane" inaalika, na "nitengee jioni moja" inaomba huku ikimwachia yeye kalenda. Kinyume chake, "lazima tuonane" ni amri, na haifai kutoka kwa mtu asiye na haki ya kuamuru.

Ongeza mlango wa kutokea. Neno moja tu linatosha: "ukishapumzika". Linamwambia kwamba hata akichelewa kidogo hutakasirika.

Ahadi yetu ikasomeka hivi: "Utakaporudi, ukishapumzika, nitengee jioni ya Jumanne nije kuidai."

Kuna sentensi moja ambayo nakuomba uifute popote utakapoikuta, nayo ni "ukirudi kuna jambo nataka kukwambia". Aliyeiandika anadhani ameacha fumbo tamu. Aliyeipokea anabeba wasiwasi kwa siku zote za safari, akijiuliza ni jambo gani na atalijibuje, na mara nyingi anaporudi huanza kukukwepa. Mwachie kitu cha kukitazamia kwa furaha, na maungamo yako yasubiri siku mtakapokuwa mmekaa ana kwa ana.

## Hatua ya 6: Toa mawe yaliyomo

Sasa soma ulichoandika ukitafuta chochote kinachomlemea. Huu hapa ujumbe wa kwanza wa kijana wetu, kama alivyoniletea kabla hatujaanza kazi:

> Habari yako. Nimesikia kesho unasafiri. Sijui nitaishije siku zote hizo bila kukuona, maana wewe ni mtu muhimu kwangu kuliko unavyodhani. Naomba usinisahau huko uendako, na usije ukapata mwingine. Ukirudi kuna jambo nataka kukwambia. Mungu akutangulie dada. Usisahau zawadi yangu.

Nia yake ilikuwa njema, na niliona wazi kwamba kila neno lilitoka moyoni. Lakini hebu msome kama mwanamke aliyelikalia begi. "Sijui nitaishije" inamfanya aone hatia kwa kuondoka. "Usinisahau" inamwomba ajitetee kwa kosa ambalo hajalitenda. "Usije ukapata mwingine" inamdai uaminifu ambao hakuahidi, na ni wivu hata ukiwekewa kicheko mwishoni. "Dada" inabomoa yote yaliyotangulia. Na zawadi, ambayo kwa marafiki wa kawaida ni utani usio na neno, hapa inamwongezea gharama na kazi mtu ambaye unataka akufikirie kwa wepesi.

Futa pia mzaha wowote kuhusu ajali, kupotea au kutorudi. Mtu anayesafiri kesho hacheki na hayo.

Kipimo changu ni hiki: baada ya kufuta, ujumbe ubaki na maneno kati ya 35 na 60. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja, kwa hiyo sitini ni mengi kuliko yanavyoonekana. Ukizidi hapo, jua kwamba kuna sentensi inayojieleza au kuomba radhi, na hiyo ndiyo ya kuondoka.

Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa huu:

> Najua saa hizi umelikalia begi ili zipu ifungike. Nenda salama, ufurahie kila siku ya huko. Ila ujue unaondoka na nusu ya hadithi ya lile kovu, na mimi si mwepesi wa kusamehe madeni. Utakaporudi, ukishapumzika, nitengee jioni ya Jumanne nije kuidai. Sitalalamika ukiisimulia polepole.

Ni maneno 43. Sentensi ya mwisho aliiongeza yeye mwenyewe, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Inamwambia mwanamke huyo kwamba kijana anataka kukaa naye muda mrefu, na haijalitaja jambo hilo hata kidogo.

## Hatua ya 7: Usome kwa sauti, kisha utume mara moja

Soma kwa sauti ya kawaida, kama unayeongea naye mlangoni. Mahali ulimi unapokwama, kuna neno lisilo lako. Hakiki jina lake, hakiki siku, na hakiki kwamba umefungua mazungumzo yake na si ya mtu mwingine.

Tuma kama ujumbe mmoja kamili. Ukiukata vipande vitano, simu yake italia mara tano, na cha mwisho ndicho atakachokisoma kwanza. Kikaragosi kimoja cha kutabasamu kinatosha ikiwa ni desturi yenu, mioyo uiache. Sauti iliyorekodiwa inafaa ikiwa tu mmezoea kutumiana sauti. Vinginevyo maandishi ni bora, kwa kuwa anaweza kuyarudia akiwa ameketi kusubiri safari ianze, bila kuweka simu sikioni.

Ukishatuma, weka simu chini. Usifuatishe "umeiona?" wala "natania tu". Hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu linauua uchokozi wako kwa mkono wako mwenyewe.

## Hatua ya 8: Soma jibu jinsi lilivyo

Akijibu kwa utani wa aina ileile, kama vile "na riba utatoza?", umefanikiwa. Mjibu mara moja, kwa ufupi, kisha umwache alale. Wengi huharibu hapa, wakifurahi mno na kuanza mazungumzo ya saa mbili na mtu anayeamka alfajiri. Yakatize wewe yakiwa bado matamu.

Akijibu "asante sana, tutaonana", bila kulitaja deni, usiongeze kitu. Huenda amechoka, huenda ameona zaidi kuliko alivyotaka kuona. Yote mawili yanatibiwa na utulivu. Akijibu "asante kaka" au "asante dada" wakati hamjawahi kuitana hivyo, amekupa jibu kwa upole, nawe lipokee kwa upole huohuo.

Asipojibu kabisa, usitume mwingine kabla hajafika. Siku ya pili baada ya kufika unaweza kuuliza mara moja kama amefika salama, bila kuutaja ujumbe wa kwanza.

Yule mwanamke alikaa dakika arobaini bila kujibu, na kijana alinipigia simu mara mbili katika muda huo. Kisha jibu likaja: "Hadithi ina sehemu tatu, si mbili. Jiandae."

## Hatua ya 9: Siku za kati

Akiwa safarini, yeye ndiye aweke mwendo. Akikutumia picha, ifurahie na uulize swali moja kuhusu alichokiona. Akinyamaza, ujumbe mmoja kwa wiki unatosha, nao uwe na habari inayomhusu, kwa mfano kilichotokea darasani, wala usiwe wa kuuliza kwa nini amenyamaza. Ikiwa yuko mbali kiasi cha saa kutofautiana, hesabu kwanza huko ni saa ngapi, ili uchokozi wako usimwamshe usiku wa manane.

Deni usilitaje kila mara. Likitajwa sana huchakaa, na atakaporudi hakutakuwa na cha kudai.

## Hatua ya 10: Kudai deni

Siku moja au mbili baada ya kurudi, andika mstari mmoja wenye saa halisi: "Karibu tena. Deni liko palepale. Jumanne saa 11 baada ya darasa, au nikuongezee muda hadi Alhamisi?" Siku mbili za kuchagua zinampa nafasi ya kusogeza bila kukataa. Ahadi uliyoitoa usipoidai, ataamini kwamba maneno yote yalikuwa ya kupamba kwaheri, na safari ijayo hutaaminika.

Akiahirisha na kutaja siku nyingine, kubali bila swali. Akiahirisha mara mbili bila kutaja siku yoyote, acha kudai. Hapo andika mara moja tu, kwa moyo mweupe: "Deni nimelisamehe. Siku ukijisikia kusimulia, mimi bado ni msikilizaji." Kisha uendelee kumsalimu kama zamani mnapokutana.

Kijana wetu hakuhitaji sentensi hiyo. Jumanne ile walibaki nje ya darasa, na sehemu ya kwanza ya hadithi, ile ya ukuta na kiatu kimoja, ilisimuliwa upya kuanzia mwanzo, polepole, kama alivyoomba. Sehemu ya tatu ilipangiwa Alhamisi.